Mtu wa Kumi na Moja

Nilikuwa mtu wa kumi na moja kutoka mlangoni.

Ukumbi ulikuwa Tudor, Mombasa, viti vimepangwa nusu duara, feni inazunguka bila kuleta upepo, na mezani pa nyuma mahamri yamefunikwa kitambaa yakitusubiri saa nne ifike. Tulikuwa watu 18, wengi wetu mawakala wa forodha, watu wa kliaringi kama tuitwavyo mjini. Tulikuja kusoma siku tatu kuhusu uainishaji wa bidhaa, yaani jinsi ya kuupa mzigo namba yake sahihi ya ushuru. Mkufunzi akasema tuanze kwa kufahamiana: jina, umekuwa kwenye kazi hii muda gani, uliingiaje, na jambo moja unalotaka kuondoka nalo.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu kwenye tuktuk nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Kwanza, niko kwenye kazi hii mwaka wa 12. Pili, nilianza kwa kukimbiza makaratasi ya ami yangu, ofisi hii hadi ile, jua kali, faili kwapani. Tatu, kinachonisumbua ni vipuri vya magari. Na mwisho kimzaha kidogo, kwamba nikingoja meli hulala na simu chini ya mto kama msichana aliyechumbiwa jana.

Mtu wa tatu akasema alianza kwa kukimbiza makaratasi.

Nikaona si neno, tuko wengi tulioanzia hapo. Wa sita akasema ana miaka 12. Wa nane, bwana mmoja wa shati la samawati, akasema anataka kujua vipuri. Wa tisa akachekesha watu na habari ya simu na meli. Si maneno yangu hasa, lakini ukishacheka kichekesho cha meli mara moja hukicheki tena baada ya dakika moja. Wa kumi, aliyeketi ubavuni mwangu, akataja vipuri tena.

Zamu yangu ikafika. Nikataja jina. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, “Mimi, aah, kama walivyosema wenzangu. Ila ningependa zaidi habari ya nguo. Ahsanteni.”

Nguo! Tangu nianze kazi sijawahi kutoa hata robota moja la nguo bandarini.

## Kilichonikereketa

Aibu ya siku ile iliisha kabla ya chai. Kilichobaki, na ambacho kimekaa nami wiki tano sasa, ni ule uongo. Hakuna aliyenilazimisha kusema nguo. Nilisema kwa sababu kila nililokuja nalo niliona limeshachukuliwa, nami sikutaka kuonekana mtu asiye na lake.

Mnawajua wale wazungumzaji wa nasaha harusini, wanaoanza na “wenzangu wamemaliza yote, mimi sina la kuongeza” kisha wanaongeza nusu saa. Huwacheka sana. Siku ile nilielewa kwamba wao angalau hawakubali kunyang’anywa maneno yao. Mimi nilinyang’anywa nikasema ahsante.

Jioni nilimsimulia ami. Alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa tungu.

“Wakakuuliza wewe ni nani?” akaniuliza.

“Ndio, ami.”

“Ukawajibu wewe ni nani?”

“Nilijibu jina.”

“Basi mwanangu, hao waliokutangulia walikuchukulia nini? Waliitwa jina lako?”

Nilicheka, lakini sikuridhika. Ami ni mtu ambaye akiingia mahali watu husogea kumpa nafasi. Hajui ilivyo kukaa kitini ukiona maneno yako yanaliwa moja moja na watu walio kulia kwako.

## Je, nilisikia kweli?

Siku mbili baada ya mafunzo kwisha, mtu alituma kwenye watsap picha za makaratasi makubwa ambayo mkufunzi alikuwa akiandika tulipokuwa tukijitambulisha. Nikazikuza picha nikasoma majina na mahitaji ya kila mmoja.

Wa kumi, jirani yangu, hakutaja vipuri vya magari. Alitaja vipuri vya mashine za kiwandani, pampu na mota. Bwana wa shati la samawati alitaka tairi na betri. Na yule wa tatu hakukimbiza makaratasi ya forodha, alikuwa karani wa stoo ambaye siku moja moja alitumwa kupeleka hati.

Yaani watu watatu waliosema “maneno yangu” hawakuyasema. Mimi ndiye niliyeyasikia.

Nilidhani ni wazimu wangu peke yangu hadi nilipojua kwamba jambo hili lina jina, kwa Kiingereza next-in-line effect, na lilishapimwa. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Malcolm Brenner alichapisha jaribio ambalo watu waliketi pamoja na kusoma maneno kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake. Baadaye waliulizwa wanakumbuka nini. Neno lake mwenyewe kila mtu alilikumbuka vizuri. Yaliyosahaulika zaidi ni yale yaliyosomwa sekunde chache tu kabla ya zamu ya mtu kufika. Anayesubiri zamu hamsikii aliye mbele yake.

Tafiti zilizofuata ziliuliza kama maneno yale huingia kichwani kisha yakapotea, au hayaingii kabisa. Jibu lililopata nguvu ni kwamba hayaingii. Akili imejaa jambo moja, “nitasema nini, nitasema nini,” na mlango umefungwa. Lakini watu walioonywa mapema wawasikilize waliotangulia walikumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo mlango unaweza kuachwa wazi kidogo, ukijua kwamba una tabia ya kujifunga.

Nikiitazama tena ile nusu duara naona ilivyokuwa. Kwa watu wawili watatu wa mwisho kabla yangu nilikuwa nikinasa neno moja moja, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Nikasikia “vipuri,” nikasikia “meli.” Mengine niliyajaza mwenyewe, kwa hofu, na hofu hujaza kwa kile unachokiogopa.

Hapo nilipata jambo la kwanza la kufanya, nalo ni dogo mno. Kabla ya kuyatupa maneno yako kwa sababu “yameshasemwa,” hakikisha yamesemwa. Sasa nakaa na kalamu. Mtu akisema, naandika maneno yake mawili, yake na si yangu. Mkono ukiandika, sikio linalazimika kubaki kazini.

## Tarakimu mbili na tarakimu nane

Lakini je, kama yamesemwa kweli? Ile miaka 12 ilisemwa. Hapo hakuna cha kusingizia sikio.

Nililifikiria hili siku nzima nikiwa nimekaa na ankara ya vipuri mbele yangu, na jibu likatoka kwenye ankara hiyo hiyo.

Kwa ambao si watu wa bandari: kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba. Tarakimu mbili za mwanzo ni sura. Sura ya 87 ni magari, pamoja na vipuri na vifaa vyake. Ukifika tarakimu nne una kichwa: 8708 ni vipuri na vifaa vya magari. Tarakimu sita ni kichwa kidogo, na hadi hapo dunia karibu nzima inatumia namba zile zile. Sisi wa Afrika Mashariki tunaongeza mbili, zinakuwa nane.

Sasa, wakala mgeni akiona ankara imeandikwa “vipuri vya gari” anaweka kila kitu 8708 na kwenda kunywa chai. Kisha afisa anafungua katoni. Ndani mna filta za oili, na filta hazikai 8708, zina kichwa chake, 8421, na za oili ni 8421.23. Mna bolti na nati, ambazo ni chuma kabla hazijawa gari, zinakwenda 7318. Mna gasketi za mpira, 4016. Vioo vya mbele vya kawaida, visivyo na fremu wala waya za umeme, 7007. Betri, 8507. Vyote hivi vimetoka duka moja, vinakwenda gari moja, na mwenye mzigo anaviita jina moja. Jina ni moja, vichwa ni vitano.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Sote 18 tulikuwa tukijitambulisha kwa tarakimu mbili.

“Mimi ni wakala, nina miaka 12, nilianza chini.” Hiyo ni sura ya 87. Bila shaka mtu atakutangulia kuisema, kwa sababu kila aliyeingia ukumbini yumo ndani yake. Mtu wa kwanza kusema ndiye anayeiweka sura, na wanaofuata huinakili, tena kwa mpangilio ule ule: yeye akianza na miaka, wote wataanza na miaka. Akitaja watoto wake, mtasikia watoto hadi mwisho wa mstari. Kufikia mtu wa kumi na moja sura imekwisha. Vichwa na vichwa vidogo havijaguswa na mtu.

Nikajaribu kujishusha mwenyewe ngazi kwa ngazi.

Wakala wa forodha, miaka 12. Imesemwa.

Wakala wa vipuri vya magari. Imesemwa, au karibu.

Wakala ambaye wateja wake ni wenye maduka madogo ya vipuri, wanaochanganya mzigo wa watu watatu wanne kwenye kontena moja. Hapa ukumbi umeshapungua. Labda tumebaki wawili.

Wakala ambaye mwaka huu alirudishiwa entri, ile hati ya kutangazia mzigo forodhani, kwa sababu ya katoni za filta za oili alizoziweka 8708, akakaa siku mbili akizitenganisha mstari kwa mstari, na mwenye mzigo akipiga simu kila saa.

Hapo nimebaki peke yangu. Mtu wa tatu, wa sita, wa nane, hata waseme nini, hawawezi kunitangulia kusema hilo, kwa sababu halikuwapata wao.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: nikilibadilisha jina langu nikaweka la jirani, sentensi inabaki kweli? Ikibaki kweli, bado niko kwenye sura. Nishuke ngazi moja nijaribu tena.

Katika sheria za uainishaji tunazosomeshwa, mojawapo inasema bidhaa ikionekana kufaa vichwa viwili, kichwa kinachoieleza kwa umahususi zaidi ndicho kinachotangulia kile cha jumla. Nimeitumia kanuni hiyo miaka mingi kwa pampu na taa. Haikunijia hata siku moja kuitumia kwa nafsi yangu.

## Mashaka yangu

Usidhani nililipokea jambo hili moja kwa moja.

Kwanza, lile la filta ni kosa langu. Ukumbini mlikuwa na washindani wangu, na Mombasa ni ndogo. Ukisema asubuhi kwamba entri yako ilirudishwa, jioni mteja wako anaulizwa barazani kama bado yuko na yule mama wa kurudishiwa entri. Kushuka ngazi kunaweza kukufikisha mahali ambapo hutaki watu waone. Nadhani hapa mtu achague ngazi anayoweza kusimama juu yake. Ile ya maduka manne kwenye kontena moja ingenitosha kabisa, nisingelitaja kosa langu, na bado ingekuwa yangu.

Pili, nilikumbuka mama mmoja ambaye siku ile alisema, “Mimi ndiye mwanamke pekee upande huu wa ukumbi,” watu wakacheka, naye akakaa. Nilimwonea wivu wakati ule. Baadaye nikajiuliza, je, alitueleza nini? William McGuire na Alice Padawer-Singer waliwahi kuwauliza wanafunzi wa shule wajieleze kwa maneno yao, wakachapisha waliyoyapata mwaka 1976. Waliona mtoto huelekea kukitaja kile kinachomtofautisha na wenzake darasani. Aliyezaliwa nchi nyingine, kwa mfano, ndiye anayetaja alikozaliwa, na wenyeji hawaoni haja. Kwa hiyo kushika tofauti si hila, ni tabia ya kibinadamu. Lakini tofauti hiyo imetengenezwa na waliokaa karibu nawe. Mama yule angekaa upande wa pili, walipokuwa wanawake watatu, angejitambulisha vipi?

Tofauti peke yake haijibu swali. Mkufunzi aliuliza tunataka kuondoka na nini. Hakuuliza nani hafanani na nani.

Na hapo ndipo niliponaswa hasa.

## 6309

Ile picha ya watsap ilikuwa na kitu kingine ambacho sikukiona mara ya kwanza. Chini ya karatasi mkufunzi alikuwa amejumlisha mahitaji yetu kwa vijistari, kama mtu anayehesabu magunia. Nguo, vijistari vinne. Mashine, vitatu. Vipuri vya magari, viwili tu.

Siku ya pili ya mafunzo vipuri vilipewa muda mfupi kuelekea chakula cha mchana. Alipita haraka haraka, akaonyesha mfano mmoja wa pedi za breki, akasema, “Naona wenye shida hii si wengi.” Mchana mzima ukawa wa nguo.

Nilikasirika wakati ule. Kwenye chai, wanne kati yetu tulisimama kando na vikombe tukinung’unika: mafunzo gani haya, bandari imejaa vipuri na sisi tunafundishwa vitenge. Mmoja akasema, “Mimi nilitaka kusema vipuri, lakini nikaona vimeshasemwa.” Mwingine akasema, “Hata mimi.” Wa tatu akaguna tu, nikajua ni yale yale.

Mimi nikanyamaza. Kati ya vile vijistari vinne vya nguo, kimoja kilikuwa changu.

Tulikuwa angalau sita wenye haja moja, na kwenye karatasi tukaonekana wawili. Kila mmoja wetu kwa adabu yake, kwa kutotaka kuwachosha watu, alitafuta neno jipya, na neno jipya likamdanganya mkufunzi. Sikumlaumu tena baada ya hapo, ingawa angeweza kuuliza kwa kuinua mikono. Alihesabu alichopewa.

Rudi nami kidogo kwenye namba. Shati jipya la pamba la mwanamume lina kichwa chake. Suruali ina chake. Sketi, sidiria, koti, kila moja kwake. Lakini nguo hizo hizo zikishavaliwa, zikawa na alama za kuchakaa zinazoonekana, na zikaletwa zimefungwa kwenye marobota au magunia, zote zinaingia mahali pamoja: 6309. Mitumba. Forodha haiulizi tena hili ni shati au suruali. Kwa mzigo wa namna hiyo kilicho muhimu ni jumla.

Basi yapo maneno ya tarakimu nane na yapo maneno ya robota, na mimi niliyachanganya. Habari ya mimi ni nani, nilipopita, nifanyacho, ni ya tarakimu nane. Kuirudia sura hakumsaidii mtu. Haja yangu, shida yangu, kura yangu, ni ya robota. Hapo kusema kile kile alichosema mwenzangu ndiyo taarifa yenyewe. Mtu wa pili akisema vipuri, mkufunzi anajua ni wawili. Wa sita akisema, anabadilisha ratiba.

Ningekuwa nimesema hivi: “Nihesabu kwenye vipuri vya magari, pamoja na bwana wa shati la samawati. Yeye ametaja tairi na betri, mimi ni filta.” Hesabu kwanza, kisha tofauti yangu, kama ipo. Kama haipo, “nihesabu” inatosha, nikae.

Sentensi hiyo haichukui sekunde kumi. “Kama walivyosema wenzangu” inachukua mbili, lakini haimwambii mtu chochote. Mwenzangu yupi? Alisema lipi? Mwenye kalamu hajui aweke kijistari wapi, basi haweki.

## Nyali, wiki ya nne

Nilipata nafasi ya kujaribu mapema kuliko nilivyotaka. Wenye maduka ya vipuri waliwaita mawakala wao Nyali kuzungumza kuhusu mizigo inayokwama. Watu 15 mezani. Swali lilikuwa jina, unamtolea nani mizigo, na kikwazo kimoja. Nilifika nimechelewa kwa ajili ya foleni ya darajani, nikapata kiti cha saba. Ami alikuwa amenishauri niwahi nikae karibu na mwenye kuanza, niseme mapema yaishe. Ushauri mzuri kwa mwenye kuwahi.

Sikupanga maneno njiani. Nilichukua karatasi nikachora mstari katikati. Upande wa kushoto nikaandika vikwazo watu walivyokuwa wakivitaja, kila kimoja na kijistari chake. Upande wa kulia nikaandika kitu kimoja tu changu: kontena moja, maduka manne, ankara moja isiyotenganisha bolti na filta.

Mtu wa pili akasema ankara mbovu. Kijistari. Wa nne akasema ankara. Kijistari. Nikaona moyo ukianza kwenda mbio kama siku ile ya Tudor, lakini mkono ulikuwa na kazi. Wa tano akasema ukaguzi unachukua muda. Wa sita nilimsikia nusu, siwezi kusema uongo. Nilipotazama karatasi baadaye nilikuta nimemwandikia neno moja, “gharama,” na mpaka leo sijui ni gharama ya nini. Kwa hiyo dawa yangu haifiki mpaka kwenye kiti cha jirani.

Nikasimama.

“Mimi natolea mizigo maduka madogo, manne kwa pamoja kwenye kontena moja. Kuhusu ankara mbovu, mimi ni wa tatu, baada ya huyu ndugu na yule bwana wa mwisho kule. Kwangu inakuja hivi: imeandikwa vipuri, mstari mmoja, na ndani mna bolti, filta na gasketi. Siwezi kujaza entri mpaka nifungue katoni.”

Nikakaa. Mwenye duka mmoja aliyekuwa akichezea simu akainua kichwa. “Hiyo ankara ya mstari mmoja,” akasema, “hebu subiri. Ni sisi tunaowaambia wauzaji waandike hivyo. Tulidhani inawarahisishia nyinyi.”

Meza nzima ikapiga kelele kwa pamoja, na kwa muda zamu zikasahauliwa. Ilibidi mwenyekiti agonge meza ili mtu wa nane apewe nafasi. Alikuwa kijana, pengine mwaka wake wa kwanza kwenye kazi, ana karatasi iliyokunjwa mkononi ambayo nadhani aliiandika nyumbani. Akaikunjua, akaitazama, akaikunja tena.

“Mimi,” akasema, “kama alivyosema dada hapa, shida yetu kubwa ni tairi.”

Sikuwa nimetaja tairi.

Nilichukua kalamu, nikaandika “tairi” upande wa kushoto, nikamwekea kijistari.